Uzi: Jedwali la advansi linaishia sifuri, leja inasema bado 61,426. Nani mkweli?

Karatasi_Njiro (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Nasimamia mishahara ya kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Kazi nimeipokea mwezi huu wa Septemba pamoja na jedwali la Excel la kurudisha advansi, na kuna mtu mmoja simwelewi.

Dereva alipewa advansi ya 850,000 tarehe 20 Januari. Makubaliano ni akatwe miezi 7, Februari mpaka Agosti. Mshahara wake ghafi ni 700,000. Kwenye jedwali makato ni `=B1/B2`, yaani kiasi kugawa kwa miezi, na kisanduku kinaonyesha 121,429 kila mwezi. Salio la mwisho wa Agosti ni 0.

Nimefungua leja yake ya advansi, nikakuta debiti ya 61,426 bado ipo. Najua Aprili alikatwa 60,000 tu, kwa sababu masika yale safari hazikuwepo na wafanyakazi walikubaliana na ofisi kulipwa nusu mshahara. Sasa napiga hesabu: 121,429 kutoa 60,000 ni 61,429. Leja inasema 61,426. Shilingi 3 zimekwenda wapi? Na kama Aprili ilipungua, kwa nini jedwali linaniambia amemaliza?

---

Sakina77

Rahisi sana hiyo. Nenda File, kisha Options, kisha Advanced, shuka chini weka tiki kwenye `Set precision as displayed`. Excel itahesabu kwa namba unazoziona na tofauti itaondoka yenyewe.

---

Karatasi_Njiro

Nimefanya, kaka. Sasa jedwali linaishia -3.

---

Kibo_Leja

Toa hiyo tiki haraka, halafu funga faili bila kuhifadhi. Ile tiki haifanyi kazi kwenye safu moja, inafanya kazi kwenye kitabu kizima. Desimali zilizokatwa kwenye namba zilizoandikwa kwa mkono hazirudi hata ukiitoa baadaye. Kama kwenye kitabu hicho kuna saa za ziada au viwango vya asilimia vinavyoonekana kwa desimali chache, vyote vimekatwa tayari.

Ila Sakina77 amekusaidia bila kukusudia. Hiyo -3 ndiyo shilingi 3 unazozitafuta.

Tazama. Ndani ya kisanduku hakuna 121,429. Kuna 121,428.571428 na mkia wake. Wewe unaona 121,429 kwa sababu kisanduku kimeambiwa kionyeshe namba nzima. Ukijumlisha mikia hiyo mara 7 unarudi kwenye 850,000 kamili, ndiyo maana jedwali linaishia sifuri. Dereva hakukatwa mkia. Slipu ya mshahara ilitoka na 121,429 nzima, na benki ikatumiwa kiasi kilichobaki baada ya 121,429 nzima. Zidisha kwa 7 upate 850,003. Kwa hiyo mpango wenyewe, hata bila Aprili, ulikuwa unamkata shilingi 3 zaidi ya alizokopa.

Sasa weka Aprili. Miezi sita ya 121,429 ni 728,574. Ongeza 60,000, inakuwa 788,574. Toa kwenye 850,000, inabaki 61,426. Leja yako iko sawa mpaka shilingi ya mwisho. Una makosa mawili yanayovutana: pungufu ya 61,429 upande huu na ziada ya 3 upande ule. Mtu akiangalia haraka anasema "tofauti ni Aprili" anafunga faili, na zile 3 zinakaa kwenye leja miaka.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Jedwali linasema sifuri kwa sababu safu ya makato ni mpango, haijui kilichokatwa. Mpango ulioandikwa ukagawanye deni kwa 7, kisha utoe mara 7, lazima uishie sifuri hata dereva akihama nchi. Sifuri hiyo inajithibitisha yenyewe, haijamthibitisha mtu yeyote.

---

Mwl_Mwika

Samahani kuingilia. Mimi ni mtumishi wa halmashauri, nina mkopo benki wa miaka 6. Nikigawa nilichokopa kwa miezi 72 napata kidogo kuliko wanachonikata. Nao watakuwa na kosa hili la desimali?

---

DadaPeroli_Moshi

Hapana mwalimu, huo mkopo una riba. Makato yako ya kila mwezi yana sehemu ya riba na sehemu ya deni, na mwanzoni riba ndiyo inayokula zaidi. Omba benki jedwali la marejesho yako, usome safu ya deni peke yake. Tunachozungumza hapa ni advansi ya mwajiri isiyo na riba, ambayo jumla ya makato inapaswa kuwa sawasawa na alichopewa, bila shilingi juu wala chini.

---

Mwl_Mwika

Na ile theluthi moja?

---

DadaPeroli_Moshi

Ile ni kwa mtumishi wa umma, kwamba makato yasimwache chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kampuni binafsi nyingi zinaiiga kama utaratibu wa ndani, ila dereva wa Karatasi_Njiro hafungwi na hiyo. Anzisha uzi wako mwalimu, utajibiwa vizuri.

---

Karatasi_Njiro

Kibo_Leja nashukuru, nimeelewa mpaka mfupani. Sasa nilitengenezeje jedwali ili lisinidanganye tena? Nina watu 12 wenye advansi.

---

Kibo_Leja

Kuna mambo mawili ya kubadilisha, mengine yaache.

La kwanza, makato yawe namba nzima kabla hayajaingia kwenye jedwali, na mwezi wa mwisho uchukue salio lililobaki, usichukue mgawo. Mimi nashusha mpaka mia. 850,000 kwa 7, ukishusha, ni 121,400. Miezi sita ni 728,400. Wa saba unachukua kilichobaki, 121,600. Jumla 850,000. Ukipenda kupandisha badala ya kushusha, ni 121,500 mara 6, yaani 729,000, na wa mwisho 121,000. Zote zinafunga. Kushusha kuna hasara moja, mwezi wa mwisho unakuwa mkubwa kidogo na mtu anaweza kuuliza. Kupandisha nako kuna hatari kwa advansi ndogo ya miezi mingi: 10,000 kwa miezi 12 ukipandisha mpaka mia ni 900, mwezi wa 12 unabaki na 100 tu. Ukipandisha mpaka elfu, deni linaisha mwezi wa 10 na mistari miwili ya mwisho inabaki haina kazi.

La pili, tenganisha safu ya mpango na safu ya kilichokatwa kweli. Kilichokatwa unakiandika kwa mkono kutoka kwenye slipu, na salio linafuata hicho.

B1 ni kiasi, B2 ni miezi, B3 ni makato ya kawaida. Kuanzia mstari wa 6: A namba ya mwezi, B salio la mwanzo, C mpango, D kilichokatwa, E salio la mwisho.

```
B3:  =ROUNDDOWN(B1/B2,-2)
B6:  =B1
C6:  =IF(A6>=$B$2,B6,MIN($B$3,B6))
E6:  =B6-IF(D6="",C6,D6)
B7:  =E6
```

C6, E6 na B7 unazivuta mpaka chini. Kompyuta nyingine zinataka nukta mkato badala ya mkato, hilo utaliona mwenyewe kwenye ujumbe wa kosa.

`MIN` iko pale ili makato yasizidi salio. Mtu akileta hela taslimu katikati, salio likibaki 40,000, jedwali litapanga 40,000 na siyo 121,400. `IF` inasema ukifika mwezi wa mwisho au ukaupita, chukua chote.

Sasa mtego. D ikiwa tupu, jedwali linachukulia mwezi haujafika na linatumia mpango. Kwa hiyo mwezi ambao mtu hakukatwa kabisa, labda alikuwa likizo isiyo na malipo, lazima uandike 0. Ukiuacha wazi unarudi kwenye ugonjwa uleule wa mwanzo, kuhesabu makato ambayo hayakutokea.

---

Sakina77

Mkuu, kwangu D nimebandika kutoka kwenye slipu na jumla ya `SUM` ni ndogo, lakini salio la mwisho liko sawa. Mambo gani hayo?

---

Kibo_Leja

Kuna mwezi umeingia kama maandishi, siyo namba. Ukibandika "60,000" ikiwa maandishi, fomula ya kutoa inajitahidi inaigeuza kuwa namba, lakini `SUM` inairuka kimyakimya. Mara nyingi utaiona imeegemea kushoto mwa kisanduku. Ikiwa imeandikwa "60,000/=" basi hata kutoa kutashindwa, utapata `#VALUE!`, na hiyo afadhali kwa sababu inapiga kelele. Futa kilichomo, weka muundo wa kisanduku uwe General, kisha andika upya kwa mkono.

---

MzeeWaBoma

Vijana, mnahangaika na desimali mmesahau sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inakataza kumkata mfanyakazi zaidi ya robo ya mshahara wake. 700,000 robo yake ni 175,000, hapo mmepona. Lakini Aprili alilipwa 350,000, robo ni 87,500. Kwa hiyo aliyemkata 60,000 alifanya vizuri, na kumkata 121,429 kungekuwa kosa.

---

DadaPeroli_Moshi

Shikamoo mzee. Kifungu ni hichohicho, ila ile robo ni ya fidia ya hasara au uharibifu, pale mfanyakazi anapokatwa kwa kitu alichokipoteza au kukivunja kazini. Hapo kuna masharti: mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo na hesabu ya deni, mfanyakazi apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo. Advansi inaingia kwenye sehemu nyingine ya kifungu hicho, deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. Kwa hiyo kinachotubana siyo robo, ni karatasi yake aliyosaini inasema nini.

Na hapo ndipo namuona Karatasi_Njiro ana shida asiyoiona. Fomu ya dereva inasema miezi 7, Februari mpaka Agosti. Miezi imekwisha. Hizo 61,426 unataka kuzikata Septemba kwa ruhusa ipi?

---

MzeeWaBoma

Marahaba binti. Nakubali kuhusu hasara. Ila kwa busara robo ni kipimo kizuri hata kwa advansi.

---

Karatasi_Njiro

Fomu ninayo hapa mezani. Imeandikwa "akatwe shilingi 121,429 kwa miezi saba kuanzia Februari". Saini yake, ya meneja, basi.

---

DadaPeroli_Moshi

Basi hiyo fomu yenyewe ilikuwa imemkubalisha 850,003. Kosa lilianzia kwenye karatasi kabla halijafika Excel.

Mwandikie nyongeza ya ukurasa mmoja: aliyochukua 850,000, yaliyokatwa mpaka Agosti 788,574 mwezi kwa mwezi, lililobaki 61,426, litakatwa lote kwenye mshahara wa Septemba. Asaini kabla hujafunga peroli, siyo baada. Na ile 61,426 usiishushe kuwa 61,400 kwa kupenda namba nzuri, utabaki na 26 na utatuanzishia uzi mwingine.

Fomu mpya kuanzia sasa ziwe na mistari mitatu ambayo wengi wanasahau. Kwanza, makato ya kawaida ni kiasi fulani na ya mwisho ni salio lolote lililobaki. Pili, mwezi ambao mshahara umepungua makato yatakuwa kiasi gani, na pengo litalipwaje. Tatu, akiacha kazi salio litatolewa kwenye malipo yake ya mwisho. Bila huo wa tatu, mtu akiondoka na deni utaanza kumtafuta kwa simu.

---

Kahawa_Kibosho

Mimi naona kuna kitu mmeruka. Advansi ni mshahara wake mwenyewe aliopokea mapema, sasa kwa nini akatwe baada ya kodi? Ikatwe kwenye mshahara ghafi, PAYE ishuke, na mfanyakazi apate nafuu.

---

Kibo_Leja

Hapana, na hili linawafunga watu wengi. Kurudisha deni hakupunguzi mapato. Mwezi huo bado amefanya kazi ya 700,000.

Hesabu sahihi ya mwezi wa kawaida: ghafi 700,000, NSSF asilimia 10 ni 70,000, inabaki 630,000 ya kutozwa kodi. PAYE ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kilichozidi 520,000, yaani 22,000, jumla 42,000. Inabaki 588,000. Hapo sasa ndipo unatoa advansi 121,400, na mkononi anapata 466,600.

Ukikata advansi kabla ya kodi, kinachotozwa kinashuka mpaka 508,600, PAYE inakuwa 19,088. Umepunjia TRA 22,912 kwa mtu mmoja kwa mwezi mmoja. Na utaitambua kwa urahisi: kama PAYE ya mtu mwenye mshahara usiobadilika inashuka mwezi ule ule advansi ilipoanza kukatwa, na kurudi juu ilipoisha, mstari wa makato umewekwa mahali pasipo pake kwenye peroli.

---

Kahawa_Kibosho

Sawa, hapo nimekubali. Lakini hizi shilingi 3 mnazozikimbiza siwaelewi. Hata sarafu yake haipo mfukoni mwa mtu yeyote hapa mjini. Fungua akaunti ya tofauti ndogondogo, tupa humo, endelea na kazi.

---

Kibo_Leja

Kutupa 3 ulizozijua zimetoka wapi ni sawa. Kutupa 3 usizozijua ni kufunika. Kwa kesi hii angezitupa mapema, asingegundua kwamba jedwali zima halisomi slipu.

Halafu upande una maana. Leja ikibaki na debiti ya 3, mfanyakazi anadaiwa 3, kampuni inaweza kumsamehe. Ikibaki krediti ya 3, kampuni imemkata mtu hela ambayo hakukopa. Huwezi kujisamehe deni la mwenzako. Inarudishwa kwenye mshahara unaofuata, na kwa kuwa mshahara unakwenda benki, suala la sarafu halipo.

---

Kahawa_Kibosho

Kurudisha shilingi 3 kwa mstari wake kwenye slipu, halafu mtu anaipiga picha anairusha kwenye makundi. Haya.

---

Karatasi_Njiro

Naomba nirudi kwenye Aprili kidogo. Tuseme jedwali jipya lingekuwepo tangu Januari na nimeandika 60,000 kwenye D ya Aprili. Nimejaribu, na mwezi wa Agosti mpango umeruka mpaka 183,000. Ni sahihi hiyo?

---

Kibo_Leja

Kwa hesabu ni sahihi. Miezi mitano ya 121,400 ni 607,000, weka 60,000, inabaki 183,000 na fomula imeambiwa mwezi wa 7 wa makato, yaani Agosti, uchukue chote. Anabaki na 405,000 mkononi mwezi huo. Kwa mtu, hilo ni pigo, hasa akiwa hajaambiwa tangu Aprili.

Una njia tatu, na zote zinafunga sawasawa. Mwisho wa Aprili ameshakatwa 121,400 mara mbili na 60,000, jumla 302,800. Salio ni 547,200.

Unaweza kuacha pengo liangukie mwezi wa mwisho, ndiyo hiyo 183,000. Unaweza kuligawa salio kwa miezi 4 iliyobaki, 136,800 kila mwezi, na kwa bahati hapa inagawanyika bila mkia. Au unaacha 121,400 iendelee, Mei mpaka Agosti ni 485,600, halafu unaongeza mwezi wa nane wa makato, yaani Septemba, wa 61,600. Kwa njia hii ya tatu badilisha B2 iwe 8, lakini B3 uiandike 121400 kwa mkono kwanza, la sivyo itajigawa upya kwa 8 na miezi iliyopita itabadilika mpango mbele ya macho yako.

Mimi nachagua ya pili. Muda wa fomu unaheshimiwa na hakuna mwezi wenye mshtuko.

---

DadaPeroli_Moshi

Mimi siichagui hiyo. Fomu imetaja kiasi na imetaja miezi. Njia ya pili inabadilisha kiasi miezi minne, ya tatu inaongeza mwezi mmoja tu na kiasi hakizidi alichosaini. Mfanyakazi wa kipato hiki amepanga kodi ya nyumba na ada kwa namba anayoijua. Mrefushie mwezi, usimwongezee kima. Ingawa kama mkataba wake wenyewe unaisha Agosti, hapo nakubaliana na wewe, kwa sababu mshahara wa Septemba haupo.

---

Kibo_Leja

Vyovyote, saini mpya inahitajika. Hapo hatugombani.

---

MzeeWaBoma

Na mwezi huo wa ziada ukivuka mwaka wa hesabu, mkaguzi atauliza kwa nini advansi ya miezi saba bado ipo kwenye mizania. Njia ya Kibo_Leja inafunga ndani ya muda.

---

Karatasi_Njiro

Dereva amesaini nyongeza leo mchana, Septemba anakatwa 61,426. Ahsanteni.

Ila nimewapitisha wengine 11 kwa njia hii hii na kuna jambo. Akaunti kuu ya advansi kwenye leja inalingana kabisa na jumla ya majedwali ya wanaoendelea kukatwa, bila hata shilingi moja. Nikadhani nimemaliza. Nilipofungua leja za waliomaliza mwaka huu, kuna wawili hawajafunga. Mmoja ana debiti 2, mwingine ana krediti 2.

---

Kibo_Leja

Nipe kiasi na miezi yao.

---

Karatasi_Njiro

Wa kwanza 500,000 kwa miezi 6. Wa pili 1,000,000 kwa miezi 6.

---

Kibo_Leja

Ni kosa lilelile kwa pande mbili. 500,000 kwa 6 ni 83,333.33, slipu ikachukua 83,333, mara 6 ni 499,998. Zimebaki 2. 1,000,000 kwa 6 ni 166,666.67, slipu ikachukua 166,667, mara 6 ni 1,000,002. Zimezidi 2. Kwenye akaunti kuu zinauana, kwa hiyo akaunti kuu haiwezi kukuonyesha kitu hata ukiikagua mara kumi. Unahitaji orodha ya salio la kila mtu, waliomaliza wakiwemo, na kila aliyemaliza awe 0 peke yake.

Usifanye ingizo moja la kumhamishia huyu za yule ili leja zote mbili zifunge. Huyo wa krediti anarudishiwa 2 zake kwenye mshahara wa Septemba. Wa debiti, meneja aandike kwamba amesamehewa au akatwe 2 kwa saini yake.

Na ukiweka kipimo kwenye jedwali, usiandike `=E12=0`. Kwa mafaili ya zamani yenye mgawo wa desimali huenda ndani ya kisanduku kukabaki mkia mdogo usioonekana, ukajibiwa FALSE wakati macho yako yanaona 0. Andika hivi, na ya pili ujaze salio la leja kwa mkono kwenye H1:

```
=IF(ROUND(E12,2)=0,"IMEFUNGA","ANGALIA")
=IF(ROUND(B1-SUM(D6:D12)-H1,2)=0,"SAWA NA LEJA","TOFAUTI")
```

Ya kwanza inasoma jedwali, ya pili inapambanisha slipu na leja. H1 usiiunganishe na E12, maana utakuwa umerudi kwenye sifuri inayojithibitisha.

---

Kahawa_Kibosho

Kwa hiyo mtu anaandikiwa barua ya msamaha wa shilingi 2?

---

DadaPeroli_Moshi

Mstari mmoja kwenye vocha unatosha kaka. Kumkata 2 kwa saini mpya ndiyo itakayochekesha zaidi.

---

Karatasi_Njiro

Swali la mwisho. Huyo wa krediti 2 aliacha kazi Juni, hana mshahara wa Septemba.

---

Kibo_Leja

Malipo yake ya mwisho yalikokotolewa na leja ikiwa na salio gani? Kama walichukulia amemaliza kwa sababu jedwali lilisema 0, basi 2 hizo bado ni zake. Ziache kwenye leja kama deni la kampuni, na jina lake.

---

Kahawa_Kibosho

Milele?

---

MzeeWaBoma

Mpaka mkaguzi aseme. Mimi ningemtumia kwa simu.

---

DadaPeroli_Moshi

Na ada ya kutuma itazidi anachotumiwa, mzee.